Waya Mnene wa Mnara

Hapana, mjukuu wangu, waya haukulegea. Mimi na marehemu kaka yangu tulikuwa mafundi wa minara ya redio. Waya unaoushikilia mnara usianguke, ukiugonga chini, mtikisiko hupanda juu kama wimbi kisha hurudi. Ukiukaza, hurudi upesi zaidi. Siku hiyo tulifunga waya mnene kuliko wa zamani. Kaka akagonga, wimbi likajikokota.

"Umelegea huu, kaza!"

"Kaka, huu ni mzito. Hata ukikazwa sawasawa, wimbi lake litachelewa tu."

"Mdogo wangu, siku hizi daktari wa waya?"

Akacheka, akakaza mpaka wimbi likakimbia kama zamani. Chuma kilichoushika waya ardhini kikazidiwa na mvuto, kikang'oka, kikamvunja mguu. Hakupanda mnara tena maisha yake yote, naye aliupenda kuliko kitanda. Laiti angenisikia!

Haya, bibi yako ameshapakua, wote wamekaa. Sogea tule.