Cherehani ya Jorina

"Naomba mkopo wa fedha, taka elfu ishirini," afisa mikopo Mahbub aliisoma barua yangu mbele ya kikundi chetu, uani kwangu. "Elfu kumi na nne za cherehani, zinazobaki za vitambaa na uzi." Akanyoosha kalamu kuelekea cherehani iliyokuwa barazani. "Dada Monowara, na ile pale?"

"Ya Jorina."

"Mwenzenu Jorina alifariki mwaka jana, deni lake likafutwa, na mumewe akakuuzia cherehani. Itumie."

"Usinifundishe kazi. Nimeshona nayo blauzi kumi na moja, za wanene na wembamba. Napima, nakata sawasawa, lakini zote zinatoka kwa kipimo cha Jorina."

Wenzangu wanne wakainamia mkeka. Kila mmoja ana blauzi isiyomkaa. Ndiyo maana walikubali kunidhamini bila kuuliza swali.

"Meneja atanicheka," Mahbub akasema. "Atauliza kwa nini tukukopeshe ya pili wakati unayo moja. Tuseme imeharibika."

"Sema wewe. Mimi siisingizii, inasikia."

Akacheka peke yake, akaandika pembeni mwa barua: imeharibika.

Kule barazani pedali ikaanza kwenda, polepole, kama Jorina alivyozoea akijaribu uzi. Kitini hapakuwa na mtu. Sindano ilipanda na kushuka, wala hakuna kati yetu aliyeinuka.

Mahbub alisubiri ikome. Haikukoma. Basi akalikata lile neno kwa mstari, akaandika juu yake: inatumika.