Shilingi Mia Saba na Ishirini

Taarifa ya benki ilifika Chake Chake siku ya Jumatatu. Kabla ya adhuhuri Masika alikuwa keshampata mwizi, na mwizi mwenyewe alikuwa mchumba wa binti yake.

Masika alikuwa karani wa Devji, mnunuzi wa karafuu. Kwa miaka kumi na tisa aliliandika daftari la fedha la duka lile, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumwonyesha kosa. Jambo hilo alilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Benki ilikuwa Unguja, kwa hivyo fedha za duka zilifungwa kwenye mfuko pamoja na fomu ya benki aliyoijaza Masika, mfuko ukatiwa lakiri, ile nta ya muhuri, akakabidhiwa Ahmada, baharia wa motaboti ya Mkoani. Ahmada huyo ndiye aliyemposa Mize. Mahari yalikuwa yameshapokewa, na mchele wa harusi ulikuwa umeshaanza kuulizwa bei.

Kila mwisho wa mwezi Masika alilinganisha daftari lake na taarifa ya benki. Safari hii daftari lilisema benki kuna shilingi 18,342. Benki yenyewe ilisema 16,460. Hilo halikumtisha. Tofauti ni jambo la kila mwezi, maana benki haijui ya Pemba mpaka yaifikie, na Pemba haijui ya benki mpaka karatasi ije.

Akachukua penseli nyekundu, akawa anatia alama kila palipolingana pande zote mbili. Mfuko wa tarehe thelathini, shilingi 2,300, uliopelekwa na chombo kingine, haukuwamo kwenye taarifa. Ulikuwa bado uko njiani mwezi ulipofungwa. Akaujumlisha kwenye hesabu ya benki. Cheki aliyoandikiwa Bi Mwatum wa Kiuyu kwa karafuu zake, shilingi 1,150, nayo haikuwamo.

"Bibi yule kaifungia sandukuni," akanong'ona. "Hajampata wa kumwamini kuipeleka."

Akaitoa. Upande wa benki ukasimama 17,610. Kisha akaona benki imejikatia shilingi kumi na mbili za ada, ambazo daftari halikuwa na habari nazo. Akaziandika na kuzitoa upande wake. Daftari likasimama 18,330.

Akapiga hesabu upya. Bado zilipungua 720.

Akarudi kwenye alama zake nyekundu. Ukiacha hayo, mstari mmoja tu ulibaki bila alama: mfuko wa tarehe kumi na nne. Daftari lilisema 4,910. Benki ilisema imepokea 4,190. Na mfuko ule aliuchukua nani? Ahmada. Na kipande cha fomu chenye muhuri wa benki, ambacho Ahmada hukirudisha kila safari kuwa risiti, kilikuwa wapi? Hakikuletwa. Masika alikumbuka sasa kwamba kijana alipita mbiombio siku ile, akasema atakileta, kisha motaboti ikatumwa Tanga kutengenezwa.

Tanga! Ukimdhania mtu, hata kikohozi chake kina maana. Masika akakumbuka saa mpya mkononi mwa Ahmada. Akakumbuka anavyocheka kwa sauti. Lakiri si kitu, ukiipasha moto inanata tena. Na fomu ya benki mtu anaweza kuijaza upya palepale dirishani, nani amzuie?

Alikwenda kwa Devji, chumba cha nyuma chenye sefu. Ufunguo wa sefu alikuwa nao Devji peke yake, na taslimu aliihesabu mwenyewe.

"Tajiri, taslimu ya mwisho wa mwezi ililingana na daftari?"

Devji alimtazama kwa muda, kwa namna ambayo Masika hakuipenda.

"Sawa tu," akasema. "Kwa nini? Ulitegemea vingine?"

"Hapana, tajiri."

Basi sefu iko sawa. Fedha zimepotelea njiani. Jioni ile, bila kumwambia mkewe Moza sababu, alifunga shilingi mia tatu za mahari ndani ya leso, akampa azipeleke Tibirinzi kwa Bi Siti, mama yake Ahmada.

"Mwambie harusi haipo. Sababu mwanawe anaijua."

Moza alilia. Mize hakulia. Alimtazama baba yake tu, akaingia ndani na kufunga mlango, na usiku ule chakula hakikuliwa nyumba ile.

Asubuhi Masika alikaa kuandika barua ya mashitaka. Aliandika "shilingi 720", na mkono, kwa mazoea, ukaandika pembeni hesabu ndogo ambayo amewafunza makarani wangapi: tofauti ikigawanyika kwa tisa bila kubaki kitu, kwanza tafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi. Mia saba na ishirini kwa tisa. Themanini. Hakubaki kitu.

Akaziangalia tarakimu. 4,190. 4,910. Moja na tisa. Zimebadilishana nafasi.

Hilo peke yake halikutosha kuwa ushahidi, inawezekana mwizi naye akaiba kiasi kinachogawanyika. Lakini kama yeye ndiye aliyenakili vibaya kutoka fomu hadi daftari, basi daftari lilisema zimetoka sefuni 4,910 na kumbe zimetoka 4,190. Sefu ingekuwa na ziada. Na Devji alisema sawa.

Akainuka, akarudi chumba cha nyuma.

"Tajiri, naomba uniambie kweli. Hakukuwa na ziada sefuni?"

Devji alifungua mtoto wa meza, akatoa bahasha, akaiweka mezani. Mia saba na ishirini kamili.

"Nilizikuta nilipohesabu," akasema. "Nikazitenga, nikanyamaza. Nilidhani unafanya akiba yako polepole ndani ya sefu yangu, Bwana Masika. Nilikuwa nangoja nione lini utazijia."

"Miaka kumi na tisa, tajiri!"

"Na mimi ndivyo nilivyojiambia. Sikulala wiki nzima."

Masika alitaka kukasirika. Kisha akamkumbuka Ahmada, hasira ikamwishia. Alisahihisha daftari, 4,910 ikawa 4,190. Hesabu zote mbili zikasimama 17,610, na hakuona raha yoyote.

Alikwenda Tibirinzi kwa miguu. Bi Siti alimkaribisha kama kawaida, akamtandikia mkeka, akamwuliza hali ya Moza na Mize. Kisha akaleta kipande cha karatasi chenye muhuri.

"Hichi Ahmada kaniachia nikupe. Mie miguu ndo hii, sikuwahi kuja. Nsamehe."

4,190, kwa hati ya mkono wa Masika mwenyewe.

Alimweleza yote, hakujificha kitu. Bi Siti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaleta leso kutoka ndani. Fundo lilikuwa lilelile alilolifunga Masika.

"Hukufungua?" Masika akauliza. "Hukuzihesabu?"

"Nihesabu nini? Zatoka kwako. Sie huku kitu kikitoka kwa mtu twamwamini, hatukihesabu."

Masika aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea kwenye kanzu.

Bi Siti akamsogezea leso. "Rejesha kwako. Harusi ipo kama watoto wataka. Nami Ahmada sikumpelekea habari Tanga, hajui kitu. Yuwaja Ijumaa. Hilo la kumdhania wizi, utamwambia weye kwa mdomo wako. Mie siwezi kulitamka."