Matundu Matatu

Champa alikuwa amechoka hadi macho yakamuuma. Mara mbili ukungu ulikuwa umemharibia seli za figo la ndama alizokuza kwenye sahani za maabara ya mifugo, Nakuru. Mara hii ya tatu, baada ya siku kumi, ndipo zilikubali.

Hezekiah, mchanjaji wa Kabazi, alisimama kando yake. Friji yake ya chanjo ilikuwa imezima siku kadhaa bila yeye kujua, na kwa chanjo hiyo alikuwa amechanja ng'ombe mia nne wasipate sotoka.

"Seli hai hunywa hii rangi nyekundu," Champa alimweleza. "Kila tundu jeupe ni mahali kirusi kimoja cha chanjo, kikiwa hai, kilianza kuua seli."

Chanjo iliyotunzwa vizuri, ikazimuliwa mara elfu, ilitoboa matundu arobaini na moja. Ya Hezekiah, iliyozimuliwa vivyo hivyo, ilitoboa matatu.

"Hesabu tena, dada."

Akahesabu tena, Hezekiah akifuata kwa kidole. Matatu.

"Kwa hivyo niwaambie wafugaji walete ng'ombe wote tena?"

"Wote. Nitakuandikia barua."

Hezekiah alivaa kofia yake polepole. "Barua hawatasoma, dada. Watanitazama mimi."