Lengo la Tisini na Tano

Binti aliyekuwa akisomea uuguzi alimwekea mwalimu wa takwimu mpango wake wa kusoma mezani: jaribio, tarehe nane, uzito asilimia kumi; mtihani, tarehe ishirini, asilimia arobaini. Penye lengo, kote kaandika tisini na tano.

"Mbona umejipandisha mlima, mwanangu?"

"Nimeshaharibu, mwalimu. Nisipopata hizo, nimekwisha." Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

Mwalimu akavuta kikokotoo. "Mkononi una ishirini kati ya hamsini. Zimebaki alama hamsini nyingine. Kufaulu ni hamsini kwa mia, kwa hiyo unatafuta thelathini tu. Hiyo ni asilimia sitini."

Binti akairudia hesabu mwenyewe, machozi yakamtoka. Kumbe alikuwa akikimbia kivuli chake! Akafuta tisini na tano, akaandika sitini.

Kwenye jaribio aliambulia tano kati ya kumi. Zamani angejifungia chumbani alie. Safari hii alichukua kalamu, akaona sasa anahitaji ishirini na tano kati ya arobaini, akapandisha lengo la mtihani hadi sitini na tatu, akaendelea kusoma.

Matokeo yalipobandikwa, jumla yake ilikuwa hamsini na moja. Akampigia mama yake simu papo hapo.

"Mama, nimepenya!"