Urari Uliokubali

Mwalimu wa uhasibu alikuwa akisahihisha kwa niaba ya mwenzake aliyelazwa, na hata mtihani wenyewe hakuutunga. Swali la tatu lilikuwa jepesi: jedwali la miamala ya duka, mwanafunzi ajaze akaunti za leja, kisha aandae urari wa hesabu.

Karatasi moja ilimkwamisha. Urari ulikubali, debiti 295,000 na krediti 295,000. Lakini ununuzi wa taslimu uliandikwa 30,000, wakati jedwali lilisema 80,000. Kwa kuwa kosa liliingia pande zote mbili, kwenye ununuzi na kwenye taslimu, jumla haikuyumba; ila salio la taslimu lilizidi kwa 50,000. Akalitia alama ya kosa. Karatasi iliyofuata ikawa na 30,000 ile ile.

Ndipo akakumbuka: 30,000 hiyo aliwahi kuiandika yeye mwenyewe. Akatoa simu.

Picha ya zoezi bado ilikuwepo. Mtoto wa kaka yake ndiye aliyemtumia: "Shangazi, zoezi limenishinda, niokoe." Ilipigwa kimshazari, mwanga wa taa umekula nusu ya ile nane, ikasomeka tatu. Naye, kwa kujiona, alilifanya zoezi lote pale pale ofisini na kulirudisha huku akijichekea. Kaka yake humwita Profesa, na jina lile humkaa vizuri.

Akatazama tarehe. Siku ya mtihani. Saa ya mtihani.

Akampigia binti huyo. "Lile zoezi ulilitoa wapi?"

"Shangazi, nisamehe. Nilikwenda chooni na simu."

"Na mwenzako?"

"Nilimpa anakili. Yaani, mimi ndiye niliyempa. Usimwambie baba."

Mwalimu alishindwa hata kumfokea. Angemfokea kwa mdomo gani? Zoezi lilikuwa na namba ya swali na alama zake pembeni, mambo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeyaona. Yeye aliyaona, akayapita, kwa raha ya kuombwa.

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Angeweza kuziwekea alama zile karatasi na kunyamaza, nani angejua? Akazichukua, akaenda kwa mkuu wa idara na simu yake ikiwa wazi.

"Majibu haya ni yangu," alisema. "Pamoja na kosa lake."

Mkuu alisoma, akavua miwani, akamvutia kiti. Hilo lilimuuma kuliko kukaripiwa.

Karatasi zote mbili zilifutwa. Wasichana watarudia mtihani muhula ujao. Yeye aliondolewa kwenye usahihishaji. Jioni alikwenda kwa kaka yake kabla habari haijamfikia kwa watu.

"Karibu, Profesa!" kaka alipaza sauti toka ndani.

Alibaki mlangoni, viatu mguuni, macho chini. Binti alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, analia bila sauti.

"Kaka," alisema, "leo usiniite hivyo. Kaa chini nikueleze."