Jasho la Mtungi

Kabla sijamwona bibi, niliuona mtungi. Ulikuwa kwenye pembe yake ileile, juu ya matofali, kati ya kabati la vyombo na dirisha, lakini sasa ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta ya buluu kuanzia shingoni hadi chini, unang'aa kama gari jipya. Nikatua begi langu la shule na kuupapasa. Ulikuwa mkavu kabisa, tena wa vuguvugu.

"Umeuona?" bibi akaita kutoka chumbani. "Usiniambie hujaupenda, profesa."

Ananiita profesa tangu nilipoenda shule ya bweni, hasa nikiunguza chakula. Nilimkuta amelala mchana kweupe, yeye ambaye akimwona mtu kitandani saa nne asubuhi humuuliza kama amekufa. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa na kuwekwa juu ya mto. Chumba kilikuwa kinanuka, na sitaki kuipamba ile harufu: ilikuwa harufu ya nyama iliyooza.

"Bibi, mguu umefanyaje?"

"Kiatu kimenichubua. Kidonda chenyewe hakitaki kupona, kina kiburi kama mjukuu wangu. Hebu niletee maji. Joto la mwaka huu limenikausha koo, nakunywa nakunywa na bado."

Bibi ana kisukari cha kuchoma sindano, na kiu ya namna hiyo naijua. Nikarudi mtungini mbio.

Mtungi ule haukuwa wa kunywea. Nyumba yetu haina friji, na bati letu likishika jua la mchana, hata mshumaa hulegea. Ndiyo maana muuguzi wa zahanati alituambia chupa za insulini tuzitie kwenye kopo lenye mfuniko, kopo lielee juu ya maji ndani ya mtungi wa udongo. "Wekeni mtungini," alisema, basi. Kwa nini, hakusema, na foleni nyuma yetu ilikuwa imeshaanza kunung'unika. Tukanunua mtungi, ukawa unatoka jasho usiku na mchana hadi matofali yakaota ukungu wa kijani, na ndani maji yalikuwa baridi ya kusisimua vidole.

Sasa nilipotumbukiza mkono, maji yalikuwa na joto lilelile la chumba. Nikafungua kopo na kuinua chupa moja dirishani. Dawa inayotakiwa kuwa angavu ilikuwa na mawingu ndani.

"Uliupaka lini?" nikauliza, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Ulipoondoka tu kurudi shule. Fundi rangi wa jirani alibakiza kidogo. Nikamwambia lete huku, nina chombo kinachovuja." Akacheka. "Tangu siku hiyo hakijavuja hata tone."

Muhula mzima, basi, alikuwa anajichoma dawa ambayo joto lilikuwa likiimaliza nguvu siku baada ya siku. Nilitoka nje nikamtafuta mtu mwenye pikipiki ya magurudumu matatu, na jioni ile bibi alikuwa kitandani kwenye wodi ya wanawake, kejeli zote zimemwishia, anauliza tu kama mlango tumeufunga.

Walimpa dawa mpya na dripu. Daktari aliufungua mguu, akaufunga tena haraka, kisha akaniita kwenye korido karibu na sinki la kunawia. Akasema utakatwa juu ya goti kesho yake. Akasema pia kwamba sumu ya kidonda imeshaingia kwenye damu na figo zimechoka, kwa hiyo nisijipe moyo sana. Nilimshukuru. Sijui nilimshukuru kwa lipi.

Asubuhi bibi alinisubiri nimalize kumfuta uso.

"Sasa kaa hapo," akasema. "Tangu jana unanikwepa macho. Mtungi umefanya nini?"

"Dawa ilikuwa mbovu, bibi. Labda ilitoka hivyo huko kiwandani."

"Mimi nimekulea. Ukidanganya unashika sikio."

Kweli, mkono wangu ulikuwa sikioni. Nikaushusha. Nilitaka kumkasirikia mtu, muuguzi, fundi rangi, hata bibi mwenyewe, lakini aliyekuwa mbele yangu alikuwa mwanamke mwenye midomo iliyokauka, anayetaka kujua. Nikalowesha kitambaa kwenye beseni, nikampaka maji kwenye mkono mmoja, nikauacha wa pili mkavu. Kisha nikachukua kipande cha boksi, nikaipepea mikono yote miwili.

"Upi wa baridi?"

"Huu ulioloa. Hilo nalo la kwenda kusomea?"

"Ngoja. Maji yale hayajapotea bure, yamegeuka mvuke yakaondoka. Na maji hayawezi kugeuka mvuke bila joto. Kwa hiyo yakiondoka yanabeba joto la ngozi yako, ngozi inabaki baridi. Udongo wa mtungi nao una matundu madogo, hata jicho halioni. Maji ya ndani yanapenya taratibu, yanatokea nje, hewa kavu inayanyanyua. Kila yanapoondoka yanauchukulia mtungi joto lake na la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana tuliuweka dirishani, upepo upite."

Aliutazama mkono wake ukikauka.

"Kwa hiyo ule haukuwa unavuja."

"Hapana, bibi."

"Ulikuwa unapumua, nami nikauziba pua."

Nilitikisa kichwa kukataa, nikaanza kusema habari za rangi, kwamba hata fundi hakujua, kwamba tulipaswa kuambiwa mapema. Akanikata kauli kwa kiganja.

"Nilikuwa nakuonea huruma," akasema. "Unatoka bombani na ndoo kichwani, shingo imezama mabegani, halafu nusu ya maji inaishia kwenye matofali. Nikasema huyu mtoto akirudi akute nimemtengenezea." Machozi yalimteremka mpaka masikioni, kwa vile alikuwa amelala chali, na hakuyafuta. Nami nililia. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani kutupisha.

Baadaye wauguzi wakaja na kitanda cha magurudumu, wakakiacha mlangoni wakihangaika na breki yake. Bibi alinishika mkono.

"Profesa, huu mguu unawaka moto. Kabla hawajauchukua, nifanyie kama ulivyofanya mkono. Uloweshe, uupepee. Na mimi niwe mtungi."

Vidole vyake vilikuwa vimetokeza nje ya bandeji, vyeusi tii. Nilijua mguu ule hautahisi kitu. Daktari alikuwa amevichoma kwa pini jana mbele yangu, na bibi aliendelea kuzungumzia mlango wa nyumba. Hata hivyo nilichovya kitambaa kwenye beseni, nikakishika hewani juu ya mguu, nikashindwa kukishusha. Maji yalikuwa yakinitiririkia kwenye kiwiko. Boksi lilikuwa bado sakafuni.

Bibi alifumba macho na kuvuta pumzi ndefu.

"Aaah," akasema. "Hapohapo. Baridi safi kabisa, mwanangu. Kweli umesoma."