Pato Limekwenda Wapi?

Msichana aliingia ofisini kwa mkuu wa idara ya uchumi wakati wa mapumziko ya saa nne, ameshika karatasi yake ya mtihani wa majaribio kwa mikono miwili. Hakuwa mtu wa kulalamika. Tangu mwaka uanze alikuwa anaongoza darasa la mwisho, na hajawahi kugonga mlango huo hata mara moja.

"Mwalimu, sijaja kuomba alama," alisema. "Nataka tu kujua nimekosea wapi. Mtihani wa taifa ni wiki tatu zijazo, nisije nikarudia kosa."

Lilikuwa swali la saba. Katika nchi moja, ndani ya mwaka mmoja, bei zimepanda kwa asilimia kumi na mbili, pato halisi la taifa limeshuka kwa asilimia tatu, na wasio na kazi wameongezeka. Tambua aina ya mfumuko huu wa bei na uonyeshe kwa mchoro. Alama tano.

Msichana alikuwa amejibu kwa mistari minne tu. Mfumuko umesukumwa na gharama za uzalishaji. Mstari wa ugavi wa jumla umesogea kushoto, ndiyo maana bei zimepanda huku pato likishuka. Mchoro wake ulikuwa safi, na vishale vilielekea vinakotakiwa. Pembeni kulikuwa na sufuri nyekundu, na chini yake maneno haya: "Umekosea. Mahitaji ya jumla yamesogea kulia. Rudia somo."

Mwandiko ulikuwa wa Bi Pato.

Mkuu wa idara aliusoma tena mstari ule mwekundu. Jina la Bi Pato walimpa wanafunzi zamani sana, na yeye mwenyewe, enzi akiwa mwanafunzi wake, alikuwa mmoja wa watundu waliolivumisha. Kwa miaka thelathini na moja mama huyu alisimama ubaoni akiwaambia watoto wa watu kwamba bei ni mbea, haina la maana la kukwambia. Mahitaji yakisogea kulia, bei inapanda. Ugavi ukisogea kushoto, bei inapanda vilevile. "Sasa utamjua vipi mgonjwa wako? Muulize pato! Pato limekwenda wapi?" Darasa zima lilipaswa kuitikia: likipanda pamoja na bei, ni mahitaji yamevuta, likishuka bei ikipanda, ni gharama zimesukuma. Ukisinzia, chaki inakufuata ulipo.

"Hujakosea," mkuu wa idara alimwambia msichana.

Alitarajia atafurahi. Badala yake msichana aliinamisha kichwa. "Si mimi peke yangu, mwalimu. Wote tuliosema gharama tumepewa sufuri, na waliobahatisha mahitaji wana tano. Na wiki jana alitufundisha hivyohivyo. Tulidhani anatupima." Alisita kidogo. "Tafadhali usimwambie kuwa nimekuja mimi."

Alipotoka, mkuu wa idara alifungua kabati na kutoa mwongozo wa kusahihishia wa mtihani ule. Jibu la swali la saba lilikuwa lilelile, mahitaji, kulia. Chini ya ukurasa palikuwa na saini ya kuthibitisha kwamba mwongozo umekaguliwa. Ilikuwa saini yake. Alikuwa ameitia bila kusoma, kwa sababu nani anakagua kazi ya Bi Pato? Ni kama kumfundisha samaki kuogelea. Alijionea haya peke yake mle ofisini.

Tena si kwamba hakuwa ameona kitu. Mwezi uliopita Bi Pato alifundisha somo moja siku mbili mfululizo, na watoto wakanyamaza kwa heshima. Siku nyingine aliingia darasa la jirani akaanza kuita majina yasiyokuwemo. Kila mara mkuu wa idara alisema ni uchovu, akapita. Aliyapita mengi, jamani. Mtu ukimpenda unakuwa hodari wa kutoona.

Alimkuta Bi Pato katika chumba cha mwisho, vipindi vimekwisha, anafuta ubao taratibu.

"Mwanangu," alisema Bi Pato, uso ukichanua. "Leo umekuja kujifunza au kunikagua?"

"Kukukagua, mama." Alijaribu kucheka. Akamwekea karatasi mezani, amelikunja jina la msichana lisionekane.

Bi Pato alisoma swali, akasoma jibu, akasoma maneno yake mwenyewe mekundu. "Sioni tatizo," alisema.

"Pato limeshuka, mama."

"Nimeona. Limeshuka, na bei zimepanda. Watu wana pesa mkononi, wananunua. Mahitaji hayo." Alisema kwa sauti ileile ya miaka yote, sauti isiyotetereka, na hilo ndilo lililomwumiza mkuu wa idara kuliko kosa lenyewe.

Alikaa kwenye dawati la mbele, magoti yakigota juu, kama alivyokaa ana miaka kumi na minane. Bi Pato alimtazama, akaitazama karatasi, akamtazama tena. Hakuwa mjinga. Hajawahi kuwa mjinga siku moja.

"Niulize," alisema. "Nitungie swali. Fupi, la alama tano."

Mkuu wa idara alitunga la kwanza. "Bei zimepanda kwa asilimia nane. Pato halisi limepanda kwa asilimia nne. Viwanda vinaajiri."

Bi Pato aligeukia ubao. Alichora mistari miwili bila rula, mmoja ukishuka, mmoja ukipanda, kisha akasogeza ule wa mahitaji kulia. Bei juu, pato mbele. "Mahitaji yamevuta," alisema.

Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Mkuu wa idara aliona moyo umemtulia ghafla, akataka kuinuka, amshike mkono, amwambie twende nyumbani mama, umechoka tu. Angeweza kuishia hapo. Mungu anajua alitamani kuishia hapo. Lakini kule nje kulikuwa na watoto arobaini na wawili wenye wiki tatu tu.

"Lingine," alisema. "Bei zimepanda kwa asilimia nane. Pato halisi limeshuka kwa asilimia nne. Viwanda vinafunga."

Bi Pato alifuta mchoro. Alichora mistari miwili. Akausogeza wa mahitaji kulia.

"Mahitaji yamevuta," alisema.

Bi Pato alisimama mbele ya mchoro wake, chaki mkononi, akiusubiri umwambie kitu. Machozi yalimtoka mkuu wa idara kabla hajajua, naye hakuyafuta.

"Nimepata ngapi?" Bi Pato aliuliza bila kugeuka.

"Moja, mama. Kati ya mbili."

Bi Pato aliiweka chaki chini, akajipangusa viganja.

"Miaka yote nimewaambia walimu wapya," alisema. "Swali hili lina majibu mawili tu. Mwanafunzi akipata moja kati ya mbili, msimpe hata alama moja. Hajui huyo. Amebahatisha."

"Mama..."

"Usinihurumie katika kusahihisha. Wape watoto alama zao, na kesho darasa ulichukue wewe." Alivuta kiti akaketi, mikono mapajani. "Kwa mkuu wa shule nenda wewe mwanangu. Nikienda mimi, nitafika mlangoni nisikumbuke nimekwenda kusema nini."